Klabu, kilabu, vilabu: Irabu inayojipenyeza katika maneno ya kukopa

Ukurasa wa michezo ulikuwa umebakiza dakika chache kwenda mtamboni pale msahihishaji alipousimamisha. Habari ya juu ilisema vilabu vya Ligi Kuu vinasaka makocha. Habari ya chini, ya mwandishi mwingine, ilisema klabu za Ligi Kuu zinadai fedha za matangazo. Ligi ni ile ile, timu ni zile zile.

“Kaka, hizi ni ngeli mbili,” msahihishaji alimwambia mhariri wa michezo. “Ama vilabu vinasaka, ama klabu zinasaka. Ukurasa mmoja hauwezi kubeba zote.”

Mhariri alitaka vilabu vibaki, kwa kuwa ndivyo mashabiki wanavyosema. Msahihishaji akamuuliza umoja wake. Kama wingi ni vilabu, umoja lazima uwe kilabu, na kilabu kwa watu wengi wa Bara ni mahali pa kunywea pombe ya kienyeji. “Haya, andika kesho kwamba kilabu kimesajili mshambuliaji,” alisema, “uone simu zitakavyopigwa hapa.”

Ukurasa uliondoka na zote mbili, maana muda ulikuwa umekwisha. Jumatatu nikapewa kazi ya kulifuatilia jambo hilo: irabu i iliyo katika kilabu na vilabu ilitoka wapi, na kwa nini katika klabu haionekani?

Silabi hupenda kubaki wazi

Kiswahili kina mazoea yake katika kupanga sauti. Silabi ya kawaida ni konsonanti moja na irabu moja: ba, ka, li, me. Konsonanti mbili zikikutana, ya pili huwa w au y, kama katika mwana na vyakula. Au ya kwanza huwa ni sauti ya puani iliyoungana na mwenzake, kama katika mbuzi, ndizi na ngoma. Iko pia m ya mtu na mti, ambayo husimama peke yake na kuhesabiwa kuwa silabi kamili.

Mwisho wa neno hapana mjadala. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu.

Sasa chukua neno la Kiingereza klab, liandikwe kama linavyosikika. Lina kasoro mbili kwa sikio la Mswahili. Linaanza kwa k na l bila kitu katikati, na linaishia kwa b. Kasoro ya mwisho wa neno ilitatuliwa kwa njia ambayo kila mzungumzaji hukubaliana nayo: kuongeza u. Kwa nini u, si i wala a? B hutamkwa kwa midomo miwili kufumbana, na u nayo hutaka midomo iviringwe. Kazi ya midomo inaendelea pale pale. Ndivyo tulivyopata pia balbu, kitabu, adabu, na filamu.

Kasoro ya mwanzo ndiyo iliyoleta kesi dawatini. Waliotangulia walichomeka i kati ya k na l, wakapata ki-la-bu. I ni irabu fupi na nyepesi, na ndiyo Kiswahili hukimbilia pale ambapo sauti za jirani hazidai nyingine. Ndivyo wengine walivyosema gilasi badala ya glasi.

Lakini i hiyo ilipokaa baada ya k, ilizaa silabi ki, na ki mwanzoni mwa nomino ya Kiswahili ina kazi. Kikapu huwa vikapu, kiti huwa viti. Basi kilabu kikawa vilabu, na upatanisho ukafuata: kilabu hiki, vilabu hivi. Irabu iliyoingia kurahisisha matamshi ikaishia kulihamisha neno zima kutoka ngeli moja hadi nyingine.

> Irabu iliyoingia kurahisisha matamshi ikaishia kulihamisha neno zima kutoka ngeli moja hadi nyingine.

Wapo watakaosema kitabu kilifanya vivyo hivyo. Kweli, Waarabu husema kutub kwa wingi, sisi tukasema vitabu. Tofauti ni kwamba i ya kitabu ilikuja na neno lenyewe kutoka Uarabuni. I ya kilabu tuliitia sisi, kisha tukaisoma kana kwamba ilikuwapo tangu asili.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwanaisimu Herman Batibo alichapisha mwaka 1996 makala inayolinganisha namna Kiswahili na Kisetswana vinavyovunja mikusanyo ya konsonanti katika maneno ya kukopa. Wasetswana, waliposikia jina la Kiingereza la shule, walitia e kati ya s na k, wakasema sekole. Se- kwao ni kiambishi cha umoja kama ki- yetu, kwa hiyo wingi ukawa dikole. Zanzibar, neno hilo hilo la Kiingereza liliingia likabaki skuli, bila irabu yoyote kati ya s na k. Bara walikopa shule ya Kijerumani, isiyo na tatizo hilo.

Mchezo wa karata

Ili kuona kazi hii ilivyofanywa kabla ya shule na kamusi, ni vizuri kurudi kwa Wareno. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, na mwaka 1698 Waomani wakaitwaa. Walichoacha katika lugha ni maneno machache ya nyumbani, ya mezani na ya starehe, na mengi yake ni ya watu waliosikia kwa sikio tu. Hapakuwa na maandishi ya kuwaongoza.

Sikiliza kundi la wacheza karata barazani. Jina lenyewe la mchezo ni karta ya Kireno. R na t zilikuwa zimegusana, zikatenganishwa kwa a, ambayo imeigwa kutoka kwa irabu za jirani: ka-ra-ta. Turufu ni trunfu. T na r zimetenganishwa kwa u, tena kwa kuiga u inayofuata, na n iliyokuwa mbele ya f ikaachwa njiani. Neno moja, na hila zote mbili zimetumika: kutia irabu na kudondosha konsonanti.

Shupaza ndiyo inayonivutia zaidi. Wareno huandika jina hilo kwa e mwanzoni, lakini matamshi yao huimeza karibu yote, na s hutoka kama sh. Mswahili alichosikia ni shp, konsonanti mbili mfululizo. Akatia u katikati, kwa sababu p ni sauti ya midomo, akapata shu-pa-za. Hakujali e ya maandishi kwa kuwa hakuiona.

Foronya ya mto wa kulalia nayo ni fronya, na o iliyoingizwa ni mwangwi wa o iliyokuwapo.

Kwa hiyo irabu inayoingia haichaguliwi kwa kubahatisha. Huwa na vyanzo vitatu: inaiga irabu ya jirani, inavutwa na midomo kuwa u, au, pasipo na sababu nyingine, inakuwa i. Vyanzo hivi hushindana, na mshindi si yule yule kila mara.

Fajr, dhuhr, asr

Mfano bora wa ushindani huo husikika kila siku misikitini. Majina ya swala tatu kati ya tano yana umbo moja katika Kiarabu cha vitabuni: silabi moja inayoishia kwa konsonanti mbili. Ni fajr, dhuhr na asr, na mbele ya kila moja hutangulia kitambulishi al.

Fajr ina j na r mwishoni. Kiswahili kimetia i kati yake, halafu kimetia i nyingine mwisho wa neno: alfajiri. Dhuhr ina h na r. Hapa irabu iliyoingia katikati ni u, kwa kuiga u iliyotangulia: adhuhuri. Asr ina s na r. Hakuna aliyeiga a. Imeingia i, ambayo ulimi huifikia kwa urahisi kutoka kwenye s: alasiri. Maneno matatu ya umbo moja, na majibu mawili tofauti.

Magharibi inakaidi zaidi. Asili yake ni maghrib. Kati ya gh na r imeingia a, kwa kuiga. Lakini mwishoni kuna b, na tumesema b huvuta u. Taratibu na karibu zilitii, zikachukua u ingawa irabu iliyotangulia b ni i. Magharibi ikachukua i. Kanuni ya midomo ina nguvu, ila si amri.

Inafaa pia tusijipe sifa zote. Katika lahaja nyingi za Kiarabu, za Ghuba zikiwamo, watu wa kawaida hawasemi fajr kwa mkato kama msomaji wa Kurani. Nao hutelezesha irabu katikati, wakasema kitu kilicho karibu na fajir na dhuhur. Yawezekana mabaharia waliofika Mombasa na Unguja walileta baadhi ya irabu hizo zikiwa tayari zimo ndani. Iliyo yetu bila shaka ni irabu ya mwisho.

Kuna njia nyepesi ya kujua kama irabu iliyoingia imepata uenyeji. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka alfajiri: sauti inapanda kwenye ji. Tamka alasiri: inapanda kwenye si. Tamka filamu, ambayo a yake haikuwamo katika neno la Kiingereza: inapanda kwenye la. Irabu iliyopachikwa ndiyo inayobeba mkazo wa neno zima. Hakuna mzungumzaji anayeiona kuwa kiraka.

> Tamka filamu: sauti inapanda kwenye la, silabi ambayo a yake haikuwamo katika neno la Kiingereza.

Gereji, na s isiyohitaji msaada

Nilikwenda gereji moja ya mtaani kwa sababu gari ni mkusanyiko wa maneno ya kukopa yanayotumiwa na watu wasiokuwa na muda wa kamusi. Breki, klachi, plagi, springi, spana, bolti, gasketi, shokapu. Fundi mkuu, mzee wa makamo, alikuwa amelala chini ya gari na vijana wake wawili wakimpa vifaa.

“Niletee sipana kumi na nne,” alisema. Kijana akaipokea amri kwa sauti yake: “Spana kumi na nne hii hapa, mzee.” Hakuna aliyegundua kwamba wametamka tofauti. Nilipowauliza, mzee alicheka akasema kijana amesoma.

Kicheko chake kina ukweli. Aliyezoea kusikia Kiingereza hutamka sp, kl na br bila kujikwaa, na asiyezoea huweka irabu ndogo katikati: sipana, kilachi, bireki. Katika Kiswahili cha maandishi upande wa kwanza umeshinda karibu kila mahali. Tunaandika breki na klachi. Dereva ndiye mmoja wa wachache waliosalia na irabu yao, na anayemwandika dreva husahihishwa.

Lakini s ina historia ya peke yake, na haikuanza na Waingereza. Starehe ni istiraha ya Kiarabu. Staajabu ni istaajaba. Katika Kiarabu maneno haya yana i mwanzoni, na i hiyo ndiyo inayozuia s na t zisiwe mwanzo wa neno. Mswahili aliipokea istiraha akaitupa i, akabaki na st mwanzoni kabisa. Yaani lugha tunayoambiwa haipendi konsonanti mbili ilijitengenezea yenyewe, kwa kudondosha irabu. Mstari nao ulikuwa mistar. I iliyokuwa kati ya m na s ikaanguka, na m iliyobaki ikachukuliwa kuwa kiambishi cha umoja, hata wingi ukawa mistari, ambao bahati nzuri unafanana na neno la awali.

Stesheni, stendi, stempu na skuli zilipofika zilikuta mlango uko wazi. Ndiyo maana sisemi kwamba wazungumzaji wa leo wanaotamka spana wameiacha asili. Kwa s, asili yenyewe ilikuwa imeshakubali. Kwa kl, bl na pr, ruhusa hiyo ni mpya zaidi, na ndiyo maana ubishi uko kwenye klabu na si kwenye spana.

Kabla sijaondoka niliuliza lile bati la kuzuia tope juu ya tairi linaitwaje. “Madigadi,” walisema wote. Kwa Kiingereza ni kama mad-gad, d na g zimegusana. Kiswahili kikatia i kati yake na i mwishoni: ma-di-ga-di. Kisha wakasikia ma-, na ma- ni ya wingi, kama katika matairi na mabomba. Nikauliza lililopinda upande wa kushoto. “Hilo ni digadi moja tu, nitalinyoosha.”

Digadi haimo katika Kiingereza chenyewe. Imezaliwa kwa kukatwa kipande cha mbele cha neno la watu, kwa njia ile ile kilabu kilivyozaa vilabu. Mzunguko wa barabarani nao, ulioitwa kwa kibao cha Kiingereza kinachoamuru madereva wakae kushoto, ukawa kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti.

Senti ilibaki, pauni ikapungua

Kudondosha konsonanti ni njia ya pili, na Kiswahili huitumia kwa uchache zaidi. Sababu ni rahisi kuiona. Ukitia irabu, kila sauti ya neno la asili inabaki na anayelijua atalitambua. Ukidondosha, kuna kitu kimepotea. Picha imepoteza k iliyokuwa mbele ya ch. Shokapu imepoteza mkia mrefu zaidi. Inapodondoshwa, mara nyingi ni mwishoni, ambapo mzungumzaji wa Kiingereza mwenyewe hatamki kwa nguvu.

Linganisha sarafu mbili. Senti ilikuja na nt mwishoni, ikaongezewa i tu. Pauni ilikuja na nd, na d ikaangushwa. Hapa jambo la kushangaza ni kwamba nd ni mkusanyo tunaoupenda: ndugu, ndoto, kidonda. Paundi ingekaa vizuri kinywani, na siku hizi wapo wanaoisema hivyo. D haikuangushwa kwa kuwa ilikuwa ngumu. Naelekea kuamini kwamba aliyeipokea hakuisikia.

Nt ni kinyume chake. Katika Kiswahili cha pwani mkusanyo huo uliwahi kuwapo ukafa. Neno ambalo lugha nyingi za Kibantu hulitamka muntu, sisi ni mtu. Kwa hiyo nt ni sauti ya kigeni kwetu kwa namna ambayo nd si ya kigeni. Senti iliivumilia. Jeshi na polisi wa Tanzania hawakuivumilia: cheo ambacho Kenya huitwa sajenti, Tanzania ni sajini, t imekwenda. Luteni naye kaachwa bila t ya mwisho. Ukimsikia mtu akisema sajini au sajenti, mara nyingi umeshajua ametoka upande gani wa mpaka.

Na katika orodha hiyo hiyo ya vyeo yupo stafu sajini. St imepita mwanzoni bila swali, f ya mwisho imepewa u kwa ajili ya midomo, na nt imekatwa. Aliyetunga cheo hicho kwa Kiswahili hakuwa na jedwali la kanuni mkononi, lakini kanuni zote zimo.

Nani mwenye haki?

Turudi kwenye kesi. Upande mmoja wapo walimu na wasahihishaji wanaosema klabu ni neno la ngeli ya i-zi: klabu hii, klabu hizi. Hoja yao ni ya mpangilio. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba vi- ni wingi wa ki- atauliza ki- ya klabu iko wapi, na mwalimu hana jibu. Tena neno kilabu limekwisha kupata maana yake, ya mahali pa pombe, na kuyatenganisha mawili kunasaidia.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniambia jambo zito zaidi. “Mwanangu, mimi sibishani na mashabiki. Nabishana na karatasi ya mtihani. Akiandika ‘klabu vimefungwa’, nimpe au nisimpe?”

Upande wa pili wapo watangazaji, mashabiki na wahariri wa michezo. Kwao vilabu ni neno lililokomaa. Klabu zimeshinda inaweza kuwa timu moja iliyokosewa sarufi au timu kumi. Vilabu vimeshinda haina utata hata kabla ya kufika kwenye kitenzi. Katika kichwa cha habari, ambapo nafasi ni finyu, hilo si jambo dogo. Klabu umoja na klabu wingi huandikwa sawa, na msomaji hulazimika kusubiri kiambishi cha kitenzi ili ajue.

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, ndilo lenye dhamana ya usanifu Tanzania Bara, na Zanzibar ina BAKIZA. Mabaraza huweza kusanifu tahajia. Ni vigumu zaidi kusanifu kile kinachotokea mdomoni kati ya k na l kwa nusu ya nusu ya sekunde.

Nami nina upande. Siamini kwamba anayesema klabu kwa umoja na vilabu kwa wingi amechanganyikiwa. Sikiliza anavyosema klabu: mara nyingi i ipo, imefifia tu. Maandishi yamechagua kutoiandika, kwa kuwa jicho la msomi linakumbuka tahajia ya Kiingereza. Wingi wake unaiona i ambayo umoja umeificha. Kiswahili kina maneno mengine yenye wingi wa namna hiyo. Waya ni neno la Kiingereza, halafu wingi wake watu wengi wakaufanya nyaya, kana kwamba limetoka katika ukoo wa wimbo. Hatukuwafungia mafundi umeme kwa hilo.

Kinachostahili kukataliwa ni kimoja tu: kuvunja upatanisho. Klabu ziandikwe zinasaka, vilabu viandikwe vinasaka. “Klabu vimefungwa” ya mtihani yule mwalimu asiipe alama.

> Maandishi yamechagua kutoiandika i, lakini wingi wake bado unaiona.

Mizani nane kwa nane

Kuna kundi moja ambalo kwake irabu hizi zina bei. Mshairi wa tarbia huhesabu mizani, kwa kawaida nane kila kipande cha mshororo. Mizani ni silabi. Kwa hiyo swali la kama kuna i ndani ya klabu ni swali la kama mshororo umetimia au umepungua.

Mshairi mmoja mkongwe, anayeandika pia katika kurasa za magazeti, alinihesabia kwa vidole. Klabu ni mbili, kilabu ni tatu. Dereva ni tatu, dreva ni mbili. Breki ni mbili, na akihitaji ya tatu ataandika bireki, na hakuna mshairi atakayemlaumu. Kurefusha neno kwa ajili ya mizani kuna jina, mazida, kama vile kulifupisha kunavyoitwa inkisari. Ushairi ulikuwa na istilahi za jambo hili kabla wanaisimu hawajafika nazo.

Tulibishana kidogo juu ya labda. Yeye huandika labuda anapohitaji mizani tatu, na vijana humuona kama anabuni. Lakini asili ya neno ni la budda ya Kiarabu. U ilikuwapo, nasi katika usemi wa haraka tukaidondosha. Labuda ya mshairi ndiyo ya zamani.

Nikamjaribu kwa programu. Ni neno jipya kiasi, na konsonanti zake zimesimama zote: pr mwanzoni, gr katikati, na u ya midomo baada ya m mwishoni. Blogu ni hivyo hivyo. Maneno ya kizazi hiki hayavunjwi tena mwanzoni wala katikati. Kinachodaiwa ni irabu ya mwisho tu, na hiyo haijasamehewa neno lolote. Kama filamu ingefika leo, nadhani ingekuwa filmu, na tayari wapo vijana wanaoitamka hivyo.

Mzee alihesabu: pro-gra-mu, tatu. Akatikisa kichwa, akasema mshororo aliokuwa akiutunga ulikuwa na pengo la tano. Kisha akachukua kalamu akaandika porogaramu, akahesabu tena, akaendelea na kina.